Uhamisho Katikati ya Mkataba wa Pango

Dar es Salaam, wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo mpangaji anayehamishwa kikazi katikati ya mkataba hagombani na deni. Anagombea fedha ambazo zimeshaingia mfuko wa mwenzake, na huenda zimeshaezeka banda la uani.

Tuchukue mfano. Pango ni shilingi 400,000 kwa mwezi, mwaka umelipwa wote tangu Januari, na barua inamtaka mpangaji aripoti Mwanza tarehe 1 Julai. Imebaki miezi sita, yaani 2,400,000. Mkataba unasema akiondoka mapema, kodi hairudi.

Wengi huanza kwa kulalamika kwamba uhamisho haukuwa hiari yao. Ni kweli, lakini kwa mwenye nyumba hilo halijibu swali lake: nyumba ikikaa tupu, nani ataibeba hasara? Pendekezo zuri huanzia hapo. Mara tu barua inapofika, mpangaji aende na nakala yake na karatasi yenye hesabu. "Mama, naomba Julai yote uihesabu kama notisi yangu. Mpangaji mpya nitamtafuta mimi, wewe utamkubali au kumkataa. Dalali nitamlipa mimi, na rangi pia."

Kipengele cha dalali kina uzito kuliko kinavyoonekana. Kwa kawaida anayeingia ndiye humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Akiondolewa mzigo huo, nyumba hupata mtu upesi. Ukitoa Julai 400,000, dalali 400,000 na rangi 150,000, mpangaji anaomba arudishiwe 1,450,000 iwapo mtu mpya ataanza Agosti. Nyumba ikikosa mtu Agosti yote, arudishiwe 1,050,000. Na asidai fedha hizo leo. Aombe zilipwe siku mpangaji mpya atakapotoa kodi yake, kwani hapo mwenye nyumba hatatoa kitu mfukoni.

Akikataa kabisa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mpangaji hoja. Kifungu cha 74 hukichukulia kiasi cha adhabu kilichotajwa kwenye mkataba kuwa ni kikomo cha fidia, nayo fidia yenyewe iwe ya kuridhisha. Mimi ningeitaja kwa upole, maana kesi ya fedha hizi humla mtu muda na nauli za kutoka Mwanza.

Panapoharibika zaidi ni pale mpangaji anapomwingiza rafiki yake kimyakimya, jambo ambalo kwa mikataba mingi ni uvunjaji mwingine, au anapokabidhi funguo kwa ahadi ya mdomo. Makubaliano yaandikwe, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Siku ya kukabidhi, wote wawili wasome mita ya maji, waiandike namba yake pamoja na hali ya kila chumba, watie saini, ndipo funguo zitoke.