Nukta 20 za Kisiwa cha Terschelling

Terschelling ni kisiwa cha Uholanzi, kirefu na chembamba, chenye matuta ya mchanga na malisho katikati yake. Watafiti waliwahi kupima vipande 20 vya malisho hayo. Katika kila kipande waliorodhesha mimea yote na kuipa kila spishi alama ya wingi: 0 kama haipo, na kupanda hadi 9 kama imetanda. Spishi zilifika 30. Jedwali hilo lilichapishwa mwaka 1987 katika kitabu cha Jongman, ter Braak na van Tongeren, na leo linapatikana ndani ya `vegan`, kifurushi cha programu ya R kilichoandikwa na Jari Oksanen wa Ufini na wenzake. Humo linaitwa `dune`, na wanafunzi wengi wa ikolojia hujifunzia hapo.

Ukilifungua unakutana na namba 600, nyingi zikiwa sifuri. Hakuna jicho linaloweza kuzitazama likakuambia kipande gani kinafanana na kipi. Kazi ya odinesheni ni hiyo: kuvipanga vipande kwenye karatasi ili vinavyofanana kwa mimea vikae karibu, na visivyofanana vikae mbali.

Kwanza lazima ukaribu wenyewe upimwe. Kipimo kinachotumika sana ni cha Bray na Curtis, cha mwaka 1957, nacho hakihitaji zaidi ya kujumlisha na kugawanya. Chukua kipande cha 1, chenye spishi tano tu ambazo alama zake zinafika 18, na kipande cha 2, chenye spishi kumi na alama 42. Spishi zote tano za kwanza zipo pia katika cha pili. Kwa kila moja chukua alama iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Nyasi iliyoandikwa `Lolipere`, kwa mfano, ina 7 kwa kwanza na 5 kwa pili, basi unachukua 5. Ukimaliza zote tano unapata 16. Zidisha kwa mbili, gawanya kwa jumla ya alama zote 60, kisha toa jibu kwenye moja: umbali ni 0.47. Sifuri ingekuwa na maana kwamba vipande vinafanana kabisa, na moja kwamba havina hata mmea mmoja wa pamoja. Spishi isiyokuwepo kote kuwili haihesabiwi kuwa mfanano, na hilo ni jambo la busara, kwa sababu mmea unaweza kukosekana kwa sababu mia.

Vipande 20 vinatoa jozi 190 za umbali wa namna hiyo. Njia iitwayo NMDS huvihamisha vipande huku na huku kwenye karatasi mpaka mpangilio wa umbali uwe sawa kadiri inavyowezekana na ule wa jedwali: jozi iliyo karibu kuliko zote ibaki hivyo, na iliyo mbali ibaki mbali.

```r
library(vegan)
data(dune)
data(dune.env)
set.seed(42)
nmds <- metaMDS(dune, distance = "bray",
                k = 2, trymax = 100)
nmds
stressplot(nmds)
```

Kompyuta huanza upya mara nyingi kutoka sehemu za kubahatisha, ndiyo maana tunaweka `set.seed`, ili kesho tupate picha ile ile. Ikikuambia kwamba suluhisho bora halikurudiwa, ongeza `trymax`, wala usiichapishe picha hiyo. Soma pia mstari wa `Data` katika majibu. Hapa umeandikwa `dune` peke yake. Lakini ukiingiza hesabu kubwa, tuseme idadi ya wadudu waliofika mamia, `metaMDS` huzibadilisha namba zako bila kuuliza, na mstari huo utasoma `wisconsin(sqrt(...))`. Wengi hawauoni, na ripoti zao zinaeleza hesabu ambayo haikufanyika.

Namba muhimu hapa ni stresi, yaani kiasi ambacho picha imelazimika kupotosha umbali halisi ili ienee kwenye karatasi bapa. Kwa `dune` ni 0.118. Kwa desturi, chini ya 0.1 ni picha nzuri, hadi 0.2 inatumika kwa tahadhari, na zaidi ya hapo usiamini mambo madogo madogo unayoyaona. Stresi inayokaribia sifuri nayo isikufurahishe: mara nyingi kipande kimoja cha ajabu kimewasukuma wengine wote wakarundikana kona moja, au data ni chache mno.

```r
plot(nmds, display = "sites", type = "t")
ordihull(nmds, dune.env$Management, label = TRUE)
adonis2(dune ~ Management, data = dune.env)
```

Sasa picha ipo, na hapa ndipo aya ya matokeo huharibika. Mtu akikupa umbali kati ya Dodoma, Mwanza, Mtwara na Tanga, unaweza kuchora ramani ya miji hiyo, lakini hutajua kaskazini ni wapi. Nukta za NMDS ziko hivyo hivyo: upande wa kulia hauna maana yoyote, na picha ikigeuzwa haijabadilika. Kwa hiyo sentensi kama “mhimili wa kwanza ulieleza asilimia 40 ya tofauti” si ya NMDS hata kidogo. Imetoka kwenye njia nyingine, kama PCA. Na “vipande vya hifadhi vilikuwa na thamani chanya” haisemi lolote. Kinachosemeka ni nani yuko karibu na nani, na nani ametawanyika.

Vipande vya Terschelling vina aina nne za usimamizi: kilimo-hai, kilimo cha kujifurahisha, kilimo cha kawaida na hifadhi. Mimi ningeandika hivi:

“Katika NMDS ya mihimili miwili (Bray-Curtis, stresi 0.118), vipande vya kilimo-hai na vya kilimo cha kujifurahisha vilikaa zaidi upande mmoja. Vipande vya hifadhi vilitawanyika: namba 14, 15 na 20 vilikaa karibu na namba 16, pamoja na mimea ya maji kama `Eleopalu` na `Ranuflam`, ilhali 17 na 19 vilijitenga. Vipande vya kilimo cha kawaida vilienea kutoka upande mkavu (namba 1) hadi ule wa majimaji (namba 16). Usimamizi ulihusishwa na asilimia 34 ya tofauti za mimea (PERMANOVA: F = 2.77, R² = 0.34, P < 0.01, mizunguko 999).”

Nimeandika “ulihusishwa” kwa makusudi. Vipande vingi vya hifadhi viko kwenye ardhi yenye maji, na picha haiwezi kuamua kama kilichochagua mimea ni mkulima au maji. Tena, sentensi ya mwisho haikutoka kwenye picha. `adonis2` hutumia zile jozi 190 moja kwa moja, kwa hiyo mipaka ya makundi inaweza kupandana kwenye grafu na jaribio bado likaona tofauti.

Lipo tatizo jingine: `adonis2` hushtuka pia kundi moja linapotawanyika kuliko mengine, hata kama vitovu vyao viko pamoja. Na hapa hifadhi imetawanyika waziwazi, tena makundi hayalingani: vipande 3, 5, 6 na 6. Kabla ya kuituma aya hiyo, pima mtawanyiko:

```r
bd <- betadisper(vegdist(dune), dune.env$Management)
permutest(bd)
```

Jibu lake liingie kwenye aya hiyo hiyo, mara tu baada ya R², hata kama halikupendezi.