Shingo Inapojibu Swali la Tumbo

Mvuvi wa Ziwa Viktoria mwenye umri wa miaka 34 analazwa wodini, tumbo limevimba kwa maji na miguu imejaa kidogo. Ni mgonjwa wa mfano tu, lakini madaktari wa Mwanza au Kisumu wangemtambua mara moja. Katika vijiji vya kandokando ya ziwa, kichocho cha tumbo huharibu mishipa ya ini, kwa hiyo mtu wa huko akija na tumbo la maji, ini ndilo linaloshukiwa kwanza. Faili lake limekwisha kuandikwa hivyo. Lakini ini si kiungo pekee kinachoweza kulijaza tumbo maji. Moyo nao huweza, na njia rahisi ya kuutenganisha na ini ni kumtazama mgonjwa shingoni, upande wa kulia.

Hapo, chini ya msuli unaotoka nyuma ya sikio hadi mwanzo wa mtulinga, unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani. Huu ni mshipa wa vena. Kutoka shingoni unashuka karibu moja kwa moja hadi atiria ya kulia, yaani chumba cha juu cha moyo kinachopokea damu yote inayorudi kutoka mwilini. Fundi mwashi anayetafuta usawa wa ukuta kwa mpira wa maji ataelewa upesi: presha ikipanda upande mmoja wa mpira, maji hupanda upande wa pili. Kimo cha damu shingoni ndicho kipimo cha presha ndani ya atiria. Upande wa kulia hupendelewa kwa sababu njia yake imenyooka zaidi. Wa kushoto hukata kona kifuani na unaweza kubanwa njiani.

Kupima hakuhitaji zaidi ya rula, mwanga na subira. Mgonjwa analala nusu-wima, mgongo ukiwa nyuzi 45 hivi, kichwa kimeegemea mto ili misuli ya shingo ilegee, uso umegeuzwa kidogo kushoto. Tochi inamulika kwa pembeni, kwa sababu mwanga wa mbele hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha ngozi inavyochezacheza. Daktari anatafuta mahali pa juu kabisa ambapo mchezo huo unaishia. Kisha anapapasa tuta dogo kwenye mfupa wa kidari, pale mbavu za pili zinapoungana nao, na kupima kutoka tuta hilo kwenda juu, wima, si kwa kufuata mteremko wa shingo. Mtu mzima mwenye afya hazidi sentimita 3 hivi. Daktari Thomas Lewis alieleza kipimo hiki mwaka 1930, na baadaye ikazoeleka kulichukulia tuta hilo kuwa sentimita 5 hivi juu ya katikati ya atiria, kwa hiyo watu hujumlisha 5. Hesabu hiyo ni ya kukadiria. Umbali halisi hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hubadilika kadiri mgonjwa anavyoinuliwa kitandani.

Kinachowakosesha wanafunzi wengi ni ateri ya shingo, inayodunda jirani kabisa na mshipa huo. Ateri hugonga mara moja kwa kila pigo la moyo na kidole huhisi mgongo wake. Vena hutikisika mara mbili, polepole, na kinachovuta jicho ni kule kuzama kwake kuliko kuinuka kwake. Ukiibonyeza kidogo juu ya mtulinga, mchezo wa juu unakatika. Mgonjwa akiketi, kimo kinashuka. Akivuta pumzi, kinashuka vilevile. Ateri haijali lolote kati ya hayo. James Mackenzie, daktari wa mji wa Burnley huko Uingereza, alichora mitikisiko hiyo kwa mashine ya karatasi na kuichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1902 kuhusu mapigo ya mishipa, na herufi alizoyapa mawimbi hayo bado zinatumika.

Turudi kwa mvuvi wetu. Akiwa nyuzi 45, tabibu kijana anamulika shingo yake na haoni mchezo wowote. Anaandika kwamba shingo ni ya kawaida. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote katika kipimo hiki, kwa maana presha ikiwa juu sana, mshipa wote hujaa hadi chini ya taya na ukomo wake hujificha ndani ya kichwa. Daktari mwandamizi anapita, anaona ndewe ya sikio ikitikisika kidogo, anasema, "Samahani kaka, hebu tukuketishe wima kabisa." Mvuvi anaketi, na sasa ukomo unaonekana katikati ya shingo, sentimita 11 juu ya tuta la kidari. Ukijumlisha 5, ni 16 za maji, karibu mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida.

Kwa kimo hicho, maelezo ya ini peke yake hayatoshi. Mwenye ugonjwa wa ini kwa kawaida huwa na presha ya kawaida au ya chini shingoni, kwa sababu kizuizi chake kiko kabla ya moyo. Hapa damu inafika hadi mlangoni mwa moyo na kukwama. Ini la mvuvi limevimba kwa sababu hiyo hiyo, na maji yamevujia tumboni.

Ila kimo hakisemi kwa nini imekwama. Huenda ventrikali ya kulia imechoka kusukuma, au mapafu yanaipa upinzani, au vali kati ya vyumba viwili inavuja, au figo zimeshindwa kutoa maji na mishipa yote imejaa. Wala presha si kiasi cha damu: moyo uliokakamaa huonyesha kimo kirefu hata damu inapokuwa ya wastani. Kuna pia kimo kirefu kisichotikisika hata kidogo. Hicho humaanisha mshipa mkuu wa kifuani umezibwa, mara nyingi na uvimbe, na moyo hauhusiki.

Daktari anamwambia mvuvi avute pumzi taratibu. Badala ya kushuka, kimo kinapanda. Adolf Kussmaul, daktari Mjerumani, alieleza jambo hili mwaka 1873. Pumzi inaleta damu zaidi kifuani, lakini moyo wa kulia hauwezi kutanuka kuipokea, kwa hiyo inarudi juu. Dalili hii huonekana pia ventrikali ya kulia ikiwa imeharibika vibaya, ila kwa kijana aliyepungua uzito na anayetokwa jasho usiku, inaelekeza kwenye utando unaozunguka moyo, ambao kifua kikuu huweza kuugeuza kuwa gamba gumu. Ultrasaundi ya moyo inaonyesha utando mnene na ventrikali zinazojaa kwa kasi kisha kusimama ghafla.

Mvuvi anaanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi 6, na jina lake linapelekwa kwa madaktari wa upasuaji, endapo gamba litabaki limebana. Dawa za kukojoza anapewa kwa kipimo kidogo. Moyo uliofungwa hivi hauwezi kujaa bila presha kubwa kuusukumia damu, kwa hiyo kila asubuhi anapimwa uzito, presha ya mkono na kimo cha shingo, na kimo kikishuka upesi huku presha ya mkono nayo ikianguka, dozi inapunguzwa.