Kutoka Ripoti ya Mhandisi hadi Ujumbe wa Mteja

Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho kwa mita za umeme wa kulipia kabla zinazotumia mfumo wa STS, zikiwemo za LUKU Tanzania na za tokeni Kenya, kupokea tokeni mpya bila kurekebishwa. Kila tokeni ya mfumo huo hubeba ndani yake alama ya wakati ilipotolewa, yaani idadi ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, ambazo zinatosha dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Siku hiyo hesabu ingejaa na kurudi sifuri, na mita ya zamani ingeiona tokeni mpya kama iliyopitwa na wakati, ikaikataa. Dawa ilikuwa kuibadilishia kila mita ufunguo wake wa siri, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na mteja mwenyewe kwa vidole vyake.

Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kujifunzia jinsi ya kugeuza ripoti ya kiufundi kuwa maelezo ya wateja. Tuseme mhandisi ameandikia uongozi wake aya ifuatayo. Aya ni ya mfano, ila utaratibu unaoelezwa ni wa kweli.

"Mita zote zilizo kwenye KRN 1 zitahamishiwa KRN 2, na tarehe ya msingi itabadilika kutoka 1993 kwenda 2014, ili kuepuka ukomo wa TID. KCT mbili zitatolewa pamoja na tokeni ya manunuzi ya kwanza. Rejista ya salio haitaguswa. Tokeni zilizosimbwa kwa ufunguo wa awali hazitapokelewa baada ya badiliko."

Mwandishi asiye mzoefu huanza kuifupisha. Anafafanua vifupisho, anapunguza maneno, anaongeza kwamba shirika linaboresha huduma zake. Matokeo ni ripoti ileile iliyopungua uzito, na mteja aliyesimama mbele ya mita bado hajui afanye nini. Kazi yenyewe ni kuichukua ripoti sentensi kwa sentensi na kuuliza: kwa sababu ya jambo hili, mteja ataona nini kipya, au atafanya nini tofauti na jana?

Sentensi ya kwanza haijibu swali hilo hata kidogo. Kwa mhandisi ndiyo kiini cha kazi nzima. Kwa mteja, KRN na tarehe ya msingi havionekani popote. Kinachobaki kwake ni tarehe tu: baada ya 24 Novemba, mita isiyorekebishwa haitapokea tokeni mpya.

Sentensi ya pili ndiyo yenye badiliko lenyewe, ingawa haisemi hivyo. Mteja aliyezoea kupokea namba moja yenye tarakimu 20 sasa atapokea tatu. Mbili za kwanza ni KCT, namba za kubadilisha ufunguo; ya tatu ndiyo umeme alionunua. Akianza na ya tatu mita itaikataa, kwa sababu tokeni hiyo imefungwa kwa ufunguo ambao mita bado haijaupata. Haijapotea: aingize mbili za kwanza, kisha airudie. Ripoti haikuona haja ya kueleza mpangilio huo kwa kuwa kila mhandisi anaujua. Mwandishi lazima aukamilishe, na njia ya kuukamilisha ni kumrudia mhandisi na kumuuliza, si kukisia.

Sentensi ya tatu inaeleza kisichobadilika. Hapa waandishi wengi huteleza, wakidhani kwamba maelezo ya mabadiliko yaishie kwenye mabadiliko. Lakini mtu aliyebakiwa na uniti 40 na kuambiwa aingize namba ngeni kwenye mita yake, swali lake la kwanza ni kama uniti hizo zitabaki. Zitabaki. Maneno "rejista ya salio haitaguswa" yanastahili sentensi yao wenyewe katika muhtasari: uniti ulizonazo kwenye mita zitabaki.

Sentensi ya nne, ambayo ripoti imeiweka mwisho kama sharti dogo, ndiyo inayoweza kumtia mteja hasara. Mtu aliyenunua tokeni wiki iliyopita akaiweka kwenye simu bila kuiingiza, akishabadilisha ufunguo, mita haitaisoma tena. Kwa hiyo jambo lililokuwa la mwisho kwa mhandisi linakuwa hatua ya kwanza kwa mteja. Mpangilio wa ripoti hufuata mfumo unavyofanya kazi. Mpangilio wa muhtasari hufuata mkono wa mteja unavyotakiwa kwenda.

Tukiyaweka pamoja tunapata hivi:

"Kwa wateja wa umeme wa kulipia kabla. Ukinunua umeme utapokea namba tatu, kila moja yenye tarakimu 20. Kwanza, ingiza tokeni zote za zamani ambazo hujazitumia, kwani baadaye hazitakubaliwa. Kisha ingiza namba mpya ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa mpangilio huo. Utafanya hivi mara moja tu. Manunuzi yatakayofuata yataleta namba moja kama kawaida. Uniti ulizonazo kwenye mita zitabaki. Fanya hivyo kabla ya 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita isiyorekebishwa haitapokea tokeni mpya."

Kila kitenzi kinachomhusu mteja kinamwelekea yeye: ingiza, utapokea, fanya. Hakuna "zoezi litatekelezwa", maneno yanayomwacha msomaji akimsubiri fundi ambaye haji. Wala hakuna neno "maboresho", kwa sababu mteja hapati huduma mpya. Anachopata ni mita inayoendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, kurahisisha kuna mpaka wake. Sentensi kama "mita yako itazimika tarehe 24 Novemba" ni fupi na inaogopesha vya kutosha kumfanya mtu achukue hatua, lakini si kweli. Mita ingeendelea kutoa umeme mpaka uniti zilizomo ziishe. Ingekataa tokeni mpya tu. Mteja ambaye taa zake zinawaka asubuhi ya tarehe 25 angeamini kwamba kwake mambo yako sawa, na angegundua tatizo siku ambayo uniti zimekwisha. Kwa hiyo rasimu irudi kwa mhandisi akiwa na swali moja tu la kujibu: kuna sentensi yoyote hapa isiyo ya kweli? Akitaka kuongeza habari za KRN, ziwekwe katika maelezo tofauti kwa mafundi.

Jaribio la mwisho lifanyike mbele ya mita yenyewe, na mtu asiyeijua ripoti. Mpe muhtasari na ujumbe wenye namba tatu, ukae kimya umtazame. Akisita kabla ya kubonyeza, andika amesita baada ya sentensi gani. Muhtasari ukishatoka, maswali yanayofika kituo cha huduma yatakuonyesha kilichokosekana. Wengi wakiuliza kwa nini wamepata namba tatu, sentensi ya badiliko imefichika. Wakiuliza kama uniti zao zimepotea, ya kisichobadilika haijaonekana. Na wakipiga kulalamika kwamba tokeni ya zamani imekataliwa, onyo lilikuwa chini mno, na kazi ya kulipandisha isisubiri toleo lijalo.