Mteremko wa Pendulamu Unasema Nini

Funga gololi ya chuma kwenye uzi, itundike kwenye stendi, ivute kidogo pembeni kisha iachie. Muda inaoutumia kwenda na kurudi mara moja hautegemei uzito wake. Unategemea urefu wa pendulamu na mvutano wa dunia mahali ulipo, kwa uhusiano huu:

T = 2π√(L/g)

T ni muda wa mbembeo mmoja, L ni urefu, na g ni mchapuko wa graviti, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde.

Tuseme umepima mibembeo 20 kwa kila urefu. Kwa mita 0.25 ikachukua sekunde 20.1, kwa mita 0.5, sekunde 28.4, kwa mita 0.75, sekunde 34.8, kwa mita 1, sekunde 40.2. Urefu umekua mara nne, muda umekua mara mbili tu. Ukichora grafu ya T dhidi ya L unapata mstari uliopinda, na hapo ndipo penye taabu. Mistari inayopinda iko ya aina nyingi, na jicho haliwezi kuapa kwamba huu ni wa kipeuo cha pili na si wa aina nyingine inayofanana nao. Unyoofu, kwa upande mwingine, mtu yeyote mwenye rula anaweza kuuhakiki.

Kwa hiyo tunaondoa alama ya kipeuo kwa kuzidisha kila upande kwa wenyewe:

T² = (4π²/g) × L

Sasa mhimili wa wima unabeba T², si T. Gawa sekunde 20.1 kwa 20, upate 1.005, kisha zidisha kwa yenyewe: 1.01. Kwa mita 1 unapata 4.04. Nukta zote nne zinakaa kwenye mstari mmoja mnyoofu. Mteremko wake ni 4.04 toa 1.01, gawanya kwa tofauti ya urefu, mita 0.75. Jibu ni 4.04.

Wanafunzi wengi huishia hapo, wakapigia mstari chini ya jibu. Lakini namba hiyo ina vipimo: sekunde mraba kwa mita. Kila mita unayoongeza kwenye uzi inaongeza sekunde mraba 4.04 kwenye T², uwe umeanza na uzi mfupi au mrefu. Na kwa kuwa mteremko ni 4π²/g, unabeba mvutano wa dunia ukiwa umegeuzwa: mvutano ukiwa dhaifu, gololi hurudi polepole na mstari husimama zaidi. Mwezini, ambako g ni 1.62 hivi, mteremko ungefika 24. Hapa kwetu, 39.48 gawanya kwa 4.04 ni 9.77, mita kwa sekunde kila sekunde.

Faida kubwa ya mteremko huonekana unapokosea. Urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya gololi, lakini ni rahisi kuishia pale uzi unapofungwa. Ikiwa nusu kipenyo cha gololi ni sentimita 1.5, kila urefu ulioandika umepungua kwa kiasi hicho. Ukitumia pendulamu moja tu, ile ya mita 0.25, utapata g ya 9.2, kosa kubwa. Kwenye grafu, kosa hilo linausogeza mstari mzima bila kuubadili mteremko. Mstari haupiti tena kwenye sifuri: unakata mhimili wa T² kwenye 0.06 hivi, na ukiurefusha kurudi nyuma unakata mhimili wa urefu kwenye sentimita 1.5 chini ya sifuri. Grafu imekupimia gololi ambayo hukuipima.

Kosa la kuhesabu halina huruma hiyo. Ukisema "moja" pale unapoiachia gololi, ishirini yako kwa kweli ni mibembeo 19. Kila T inapungua kwa asilimia 5, nukta zinabaki kwenye mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri, na g inatoka 10.8. Hakuna kitu kwenye karatasi kinachokushtua, ila jibu lenyewe. Ndiyo maana hesabu huanza na "sifuri".

Kuna na mpaka wa kifaa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, karibu na ikweta, akaona saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris inachelewa takribani dakika mbili na nusu kwa siku. Mvutano wa dunia ni dhaifu kidogo karibu na ikweta. Ukigeuza tofauti hiyo kuwa mteremko, ni kama 4.02 kwa Paris na 4.04 kwa Cayenne. Mkono unaobonyeza stopwochi unaweza kupotea kwa sekunde 0.2 katika 40, na kosa hilo likishazidishwa kwa yenyewe linakuwa asilimia 1, karibu mara tatu ya tofauti aliyoiona Richer. Yeye aliweza kuiona kwa sababu saa yake ilibembea mchana na usiku, na kuchelewa kudogo kwa kila mbembeo kukajilimbikiza hadi kukawa dakika.