Fungu la Nyanya la Kuigiza Darasani

Mazungumzo mengi ya sokoni yanayoandikiwa wanaojifunza Kiswahili huishia haraka: bei inatajwa, mnunuzi analipa, anaondoka. Kwenye masoko ya Dar es Salaam mambo hayaendi hivyo, hasa kwa nyanya zinazouzwa kwa mafungu. Bei ya fungu haishuki kirahisi. Nyanya zikiadimika, muuzaji huacha bei ilivyo na kupunguza idadi. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu, akinyimwa punguzo, hudai nyongeza.

Mazungumzo haya ni ya watu wawili. Muuzaji ni mama wa makamo, mnunuzi ni kijana, kwa hiyo kijana ndiye anayeanza kuamkia. Bei ni za mfano tu.

MNUNUZI: Shikamoo, mama.

MUUZAJI: Marahaba, mwanangu. Karibu nyanya.

MNUNUZI: Asante. Fungu bei gani?

MUUZAJI: Elfu moja.

MNUNUZI: Mbona dogo hivyo? Juzi nilipata nyanya sita, leo nne!

MUUZAJI: Mvua, mwanangu. Tenga limepanda bei. Nikupe mafungu mangapi?

MNUNUZI: Matatu. Nipunguzie basi, elfu mbili na mia tano.

MUUZAJI: Haitoki hiyo, nitapata hasara. Lete elfu tatu, nitakuongeza.

MNUNUZI: Haya. Lakini hii imepondeka, nibadilishie.

MUUZAJI: Chukua hii. Na hizi mbili nyongeza yako.

MNUNUZI: Asante. Tia kwenye kikapu. Shika elfu tano.

MUUZAJI: Chenji yako, elfu mbili.

MNUNUZI: Biashara njema, mama.

MUUZAJI: Amina. Karibu tena.

Kikapu hakimo kwa ajili ya pambo: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na mnunuzi asiyebeba chombo hununua mfuko mbadala.

Darasani, mawe madogo yatatosha kuwa nyanya. Pangeni mafungu ya mawe manne manne, maana mnunuzi anayeyaona kwa macho hulalamika kwa dhati. Katika mzunguko wa kwanza, wanafunzi wasome. Katika wa pili, wafiche karatasi, na mwalimu amnong'oneze kila mmoja siri yake: muuzaji ana mawe mawili tu ya nyongeza, mnunuzi anataka manne. Hapo ndipo maneno yao wenyewe yanapoanza kutoka.

Kosa la kutazamiwa zaidi ni upatanisho. Mwanafunzi atasema "mafungu ngapi" badala ya "mafungu mangapi", au "fungu ndogo" badala ya "fungu dogo". Asikatizwe katikati ya mapatano. Muuzaji ajibu kwa kurudia umbo sahihi, "Mafungu mangapi? Matatu?", kisha mchezo uendelee. Wakimaliza, wabadilishane nafasi, na mara hii muuzaji awe kijana na mnunuzi awe mzee, ili salamu nazo zibadilike.