Mpinzani Akishusha Bei, Fanya Hesabu Kabla ya Kumfuata

Agosti 2010, kampuni ya simu ya Zain nchini Kenya ilitangaza kwamba dakika moja ya maongezi ingekuwa shilingi 3, mtu apige ndani ya mtandao wake au kwenda mtandao mwingine wowote. Ujumbe mfupi ulikuwa shilingi 1. Zain ilikuwa imetoka kununuliwa na Bharti Airtel, kampuni ya India iliyojijengea jina nyumbani kwa kuuza maongezi kwa bei ya chini kwa mamilioni ya watu, na kabla mwaka haujaisha jina la Zain lilifutwa likawekwa la Airtel. Wakenya walifurahi, na walikuwa na kila sababu. Bei ya namna hiyo hawakuwahi kuiona.

Kampuni nyingine tatu zilitazama kwa jicho la wasiwasi: Safaricom, Orange na Yu. Swali lililokuwa mbele yao ndilo linalomkabili mwenye duka mtaani siku jirani anapobandika kibao cha bei mpya. Tushushe na sisi?

Ndani ya ile shilingi 3 kulikuwa na jambo ambalo mteja hakuliona. Mteja wa mtandao mmoja anapompigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni ya anayepiga hulazimika kuilipa kampuni ya anayepokea ada ya kuunganisha mitandao. Mwezi huohuo wa Agosti, Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilikuwa imeishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na bila punguzo hilo bei ya shilingi 3 isingewezekana kabisa. Hata hivyo, tazama kinachobaki. Kila mteja wa Zain aliyempigia mtu wa Safaricom alilipa shilingi 3, na kati ya hizo 2.21 zilikwenda Safaricom. Zain ilibakiwa na senti 79, hapo kodi bado haijatolewa, wala umeme wa minara, wala mishahara. Na kwa kuwa zaidi ya robo tatu ya laini zote nchini zilikuwa za Safaricom, simu nyingi za nje ya mtandao zilikuwa zinaelekea hukohuko. Mshambuliaji alikuwa akimlipa anayemshambulia.

Safaricom ilishusha bei pia, na dakika yake ikafika shilingi 3. Yu ilikwenda mbali zaidi, ikawapa wateja wake maongezi ya bure wao kwa wao. Gharama ya kushuka ilikuwa kubwa zaidi kwa Safaricom kuliko kwa yeyote kati yao, na sababu yake ni rahisi. Kampuni yenye wateja wachache ikishusha bei, inapoteza kidogo kwa wale ilionao na inatarajia kupata wengi wapya. Kampuni yenye wateja wengi inatoa punguzo hilohilo kwa mamilioni ya watu ambao wala hawakuwa na nia ya kuondoka. Faida halisi ya Safaricom, iliyokuwa shilingi bilioni 15.1 katika mwaka ulioishia Machi 2010, ilishuka hadi bilioni 13.2 mwaka uliofuata, kisha 12.6. Vita vya bei havikuwa sababu pekee, kwa maana mwaka 2011 shilingi ya Kenya nayo iliporomoka hadi dola moja ikapita shilingi 100. Lakini bei ya maongezi iliuma.

Kilichoishikilia Safaricom hakikuwa ile shilingi 3. Aprili 2011 Kenya iliruhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba yake, na wengi walitarajia msafara mkubwa wa kuhama. Haukutokea. Mtu aliyehama aliacha nyuma M-Pesa, na M-Pesa ndiyo iliyokuwa njia ya kutuma ada ya shule, kumlipa fundi na kupokea hela kutoka kwa ndugu aliye mjini. Wengi walichagua kuwa na laini mbili, ya Airtel ya kupigia na ya Safaricom ya kila kitu kingine. Mapato ya M-Pesa yalipanda kutoka shilingi bilioni 7.6 hadi bilioni 16.9 katika miaka miwili hiyohiyo ambayo faida ya kampuni ilikuwa ikishuka. Oktoba 2011 Safaricom ilipandisha dakika ya mchana hadi shilingi 4, na faida yake ikarudi juu hadi bilioni 17.5 katika mwaka ulioishia Machi 2013. Yu haikuwa na mguu wa pili wa kusimamia. Mwaka 2014 wenye kampuni hiyo waliondoka sokoni, wateja wake wakachukuliwa na Airtel, minara na mitambo ikachukuliwa na Safaricom.

Mfanyabiashara mdogo hana M-Pesa yake, lakini hesabu ni ileile, na inatosha karatasi moja kuifanya. Tuchukue duka la kufikirika linalouza mchele. Mwenye duka ananunua kilo kwa shilingi 2,400 na kuiuza 3,000, na kwa siku anauza kilo 100. Faida yake kabla ya kodi ya pango na gharama nyingine ni 60,000. Jirani anafungua duka na kuuza mchele kwa 2,700. Punguzo la shilingi 300 linaonekana dogo, ni asilimia 10 tu ya bei. Lakini mwenye duka akilifuata, faida kwa kilo inatoka 600 kwenda 300. Imekatika nusu. Ili apate zile 60,000 zake, sasa inabidi auze kilo 200 kwa siku, yaani apate wateja maradufu, mtaa ukiwa uleule na midomo ya kulisha ikiwa ileile.

Sasa hesabu ya upande wa pili, ambayo watu wengi hawaifanyi. Akibaki na 3,000 yake na theluthi moja ya mauzo ikahamia kwa jirani, atauza kilo 67 hivi na kupata karibu 40,000. Akimfuata jirani na kubaki na kilo zake zote 100, atapata 30,000. Kwa hiyo kubaki na bei yake kuna nafuu mpaka pale atakapopoteza zaidi ya nusu ya mauzo. Nusu! Ni wengi sana kuondoka kwa sababu ya shilingi 300, hasa pale duka linapokopesha wanaojulikana mpaka mwisho wa mwezi, au kijana wa duka anapopeleka mzigo hadi mlangoni.

Hesabu hii ina mpaka wake, na mtu mwaminifu lazima autaje. Mteja wa mchele haji kwa mchele peke yake. Ananunua pia mafuta, sukari, majani ya chai na sabuni, na akihamia kwa jirani anahama na kikapu chote. Kama mwenye duka anaona kwamba wanaoondoka ni wale wa vikapu vikubwa, kilo ya mchele inastahili kushushwa, kwa sababu kinacholindwa hapo ni faida ya sukari na mafuta. Kama wanaoondoka ni wapita njia wa kilo moja moja, waache waende.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kujua kama bei ya jirani ni ya kweli. Wateja hupeleka habari za bei kwa namna inayowafaa wao, na "kule wanauza 2,700" inaweza kuwa mchele wa daraja la chini, wenye chenga nyingi, au kilo isiyotimia. Dawa yake ni kumtuma mtu akanunue kilo moja, kisha kuipima kwenye mizani ya duka na kuimwaga kwenye sinia. Ikitoka gramu 900, bei ya kweli ya kilo nzima ni 3,000, na hakuna vita yoyote. Lililobaki ni kuweka mizani mahali mteja anapoiona.

Jambo la pili ni kujua jirani anaweza kudumu kwa muda gani. Mtu aliyenunua magunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, anaweza kuuza kwa 2,700 na bado akapata faida nzuri mpaka ghala lake liishe. Anayenunua kwa muuzaji wa jumla yuleyule, kwa 2,400 ileile, anakula mtaji wake. Tofauti hii huonekana kwa macho: mzigo unashushwa mara ngapi kwa wiki, rafu zinajazwa au zinaanza kuacha mapengo, bidhaa nyingine zimepanda bei kimyakimya kufidia mchele. Kama jirani ana gharama ndogo za kudumu, kwa mfano jengo ni lake na hana pango, basi kushindana naye kwa bei ni kuchagua uwanja ambao yeye ndiye mwenyeji. Hapo kumfuata ni kosa, hata kama hesabu ya wiki ya kwanza inapendeza.

Kuna jibu la tatu, ambalo si kufuata wala kukaa kimya. Miaka ya 1960 nchini Marekani, vodka ya Smirnoff ilishambuliwa na vodka ya Wolfschmidt iliyouzwa kwa dola moja pungufu kwa chupa. Kampuni ya Heublein, iliyokuwa na Smirnoff, haikushusha. Iliipandisha Smirnoff kwa dola moja, kisha ikaleta vodka mbili mpya: Relska kwa bei ya Wolfschmidt, na Popov kwa bei ya chini zaidi. Wapenda nafuu walipata chupa zao, na waliozoea Smirnoff hawakupewa punguzo ambalo hawakuliomba. Kwa mwenye duka wa mchele hilo linawezekana kesho asubuhi. Gunia la daraja la pili likiwekwa kando ya lile la kwanza, na kibao cha 2,700 kikasimama juu yake, mteja anayetafuta bei ameipata bila daraja la kwanza kuguswa.

Jibu moja lisijaribiwe kabisa. Kumwendea jirani na kukubaliana naye kwamba wote wauze 3,000 ni kosa la kisheria. Tanzania inalo katazo hilo katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Wanaoumizwa na makubaliano hayo ni wanunuzi wa mtaa mzima, na maskini ndio wanaolipia zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya kipato chao huishia kwenye chakula.

Wapo ambao kushuka ni lazima kwao. Muuzaji wa maji ya chupa au wa vocha, ambaye bidhaa yake haina tofauti yoyote na ya jirani, hana kingine cha kumshikia mteja. Huyu akishuka, ashuke kwa bidhaa zilizoguswa tu, na aandike tarehe ya mwisho. Kibao kinachosema "bei hii mpaka tarehe 30" kinamfanya mteja aelewe kwamba ni ofa. Bila tarehe, baada ya wiki tatu bei ya ofa imekwisha kuwa bei ya kawaida vichwani mwa watu, na siku ya kurudi bei ya zamani atahesabiwa kuwa amepandisha.