Chaja Gani Inarudishwa Dukani Kwako, na kwa Nini?

Taarifa yako ya miamala inaonyesha pesa ulizowarudishia wateja na tarehe. Haisemi ni bidhaa gani ilirudi wala sababu. Hayo yaandike mteja akiwa bado kaunta, kwa maneno yake: "inachaji polepole", "pini haiingii". Ukiandika "mbovu" tu, baadaye haitakusaidia.

Tuseme kati ya chaja ulizouza Machi, za shilingi 300 zimerudi 12 na za 700 zimerudi 6. Haraka haraka utalaumu ile ya bei rahisi. Lakini za 300 uliuza 240, za 700 ukauza 40 pekee. Ya kwanza inarudi 5 kwa kila 100, ya pili 15. Shida iko kwa ile ya bei ghali!

Sasa soma sababu. Kati ya hizo 6, moja pini haikuingia. Hiyo si chaja mbovu, ni kuuza bila kuuliza mteja ana simu gani. Tano ziliacha kuchaji, na kama uliweka alama ya kalamu kwa kila boksi mzigo ulipofika, utaona zote zimetoka katoni moja. Toa zilizobaki kwa shelfu, kisha umpigie msambazaji ukiwa na orodha mkononi.

Hesabu kwa tarehe ya kuuza, sio ya kurudisha, la sivyo mzigo mpya utabeba lawama ya wa zamani. Na wale uliowabadilishia chaja bila kuwarudishia pesa? Hao hawako kwenye taarifa kabisa, kwa hivyo waandike pia.